Shajara ya mradi: kuanika nguo za rangi kwa kuzigeuza, juani na kivulini

Kuandaa vifuko

Swali la mradi huu ni fupi: nguo ya rangi ikianikwa imegeuzwa, upande wa ndani ukiwa nje, inaokolewa kiasi gani? Je, kuigeuza peke yake kunatosha hata jua likiwa kali, au kivuli ndicho kinachofanya kazi kubwa? Wengi tumefundishwa yote mawili kwa pamoja tangu utotoni, kwa hiyo si rahisi kujua lipi linasaidia wapi.

Vitambaa ni sita: pamba nyembamba ya waridi ya shati, pamba nyeusi ya fulana, jinzi ya buluu iliyokolea, poliesta nyekundu, hariri ya zambarau na nailoni ya kijani ya koti jepesi. Vyote ni mabaki ya kushonea ambayo hayajawahi kufuliwa. Sikuanika vipande vitupu, kwa sababu kipande kitupu hakina ndani wala nje kama nguo ilivyo. Kila kitambaa nimekishona vifuko vidogo kama mikono ya shati, wazi juu na chini, vipitishe hewa na viweze kugeuzwa kweli.

Kila kitambaa kina vifuko vitano. Kimoja kinaanikwa juani kikiwa kama kinavyovaliwa, cha pili juani kimegeuzwa, cha tatu kivulini kama kinavyovaliwa, cha nne kivulini kimegeuzwa. Cha tano hakifuliwi wala hakianikwi. Kimo ndani ya bahasha kwenye droo, kiwe shahidi wa rangi ilivyokuwa mwanzo.

Jambo ninalolitegemea zaidi ni mshipi. Kila kifuko kikishatundikwa, ninakizungushia mshipi wa karatasi ya alumini katikati, umelegea kidogo ili kitambaa kikauke, na ninauvua wakati wa kuanua. Sehemu iliyo chini ya mshipi inafuliwa, inasuguliwa, inasuuzwa na kukamuliwa sawasawa na sehemu zilizo wazi. Kinachozitofautisha ni mwanga tu. Bila mshipi huo mtu huona nguo imepauka na kulilaumu jua, kumbe rangi imetoka kwenye beseni.

Ufuaji ni uleule kwa vyote: maji baridi, sabuni isiyo na kipaushi, kusuuza mpaka povu liishe kabisa. Hilo la povu nalisisitiza. Sabuni nyingi za unga zina kipaushi cha oksijeni, na mabaki yake yakikaukia kwenye kitambaa chini ya jua yanaendelea kushambulia rangi hata baada ya ufuaji kwisha.

Mafuo ya mwanzo

Kabla ya kuandika matokeo, niweke wazi kinachotokea kwenye kamba. Rangi ya nguo ni molekuli zilizoshikamana na nyuzi. Molekuli hizo zinanyonya sehemu ya mwanga, na ile isiyonyonywa ndiyo tunayoiona kuwa rangi. Nishati iliyonyonywa kwa kawaida huishia kuwa joto dogo lisilodhuru. Ila mara mojamoja molekuli huamshwa kiasi cha kukutana vibaya na oksijeni ya hewa, ikakatika, na iliyokatika haina rangi tena. Mionzi ya urujuanimno ndiyo yenye nguvu zaidi ya kufanya hivyo, lakini mwanga wa kawaida unaoonekana nao una sehemu yake. Ndiyo maana pazia hupauka nyuma ya kioo cha dirisha, ingawa kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi iliyo mikali zaidi.

Maji nayo yamo. Pamba ikilowa, nyuzi zake huvimba, na oksijeni na molekuli nyingine husogea ndani yake kwa urahisi kuliko zikiwa kavu. Rangi nyingi za pamba hupauka haraka zaidi zikipigwa na mwanga huku zimelowa. Nguo inayoanikwa basi iko katika hali yake dhaifu kabisa: imelowa, imetandazwa wazi, na mara nyingi ni saa za jua la utosi.

Ishara ya kwanza imetoka kwenye pamba ya waridi, kifuko cha juani ambacho hakikugeuzwa. Nikivua mshipi kuna mstari mwembamba wa rangi iliyokoza kidogo. Ni vigumu kuuona ukitazama moja kwa moja, lakini nikikunja kitambaa mpakani, sehemu mbili zikalaliana, unajitokeza. Nilitarajia waridi litangulie. Rangi hafifu ina molekuli chache za rangi kwenye uzi, kwa hiyo kila moja inayopotea inaonekana. Nyekundu iliyokoza inaweza kupoteza idadi ileile na jicho lisijue.

Namna ninavyosoma: kitambaa kimekauka kabisa, kimelala juu ya kadibodi ya kijivu, kwenye mwanga wa dirisha usio wa jua la moja kwa moja, saa ileile kila mara. Maabara za nguo hutumia kipimo cha kijivu chenye madaraja kuanzia 5, maana yake hakuna tofauti, hadi 1, tofauti kubwa. Mimi nafuata mpangilio huohuo kwa jicho, na bila namba: hakuna, ndogo, dhahiri, kubwa.

Kugeuza kunapofaa na kunaposhindwa

Sasa tofauti zimeanza kusema. Jinzi iliyogeuzwa juani karibu haina mpaka wowote chini ya mshipi kwa upande wa nje, ule unaovaliwa. Jinzi ambayo haikugeuzwa ina mpaka dhahiri. Kwenye pamba ya waridi mambo ni tofauti: kifuko kilichogeuzwa nacho kimepauka upande wa nje, kwa kiasi kidogo kuliko kile kisichogeuzwa, lakini kimepauka.

Sababu nimeiona kwa tochi ya simu. Nilikilowesha kifuko cha waridi, nikakikamua, nikakitandaza juu ya tochi iliyowashwa na kuweka kidole kati ya tochi na kitambaa. Kivuli cha kidole kilionekana wazi kabisa upande wa pili, hadi kiungo cha kati. Kitambaa hichohicho kikiwa kikavu, kidole kilikuwa ukungu tu. Pamba kavu imejaa hewa kati ya nyuzi, na kila mahali hewa inapokutana na uzi mwanga hutawanywa na kurudishwa. Maji yakiijaza nafasi hiyo, mtawanyiko hupungua na mwanga hupita. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba hukadiriwa kupitisha takriban sehemu moja kwa saba ya urujuanimno ikiwa kavu, na ikilowa hufika karibu theluthi moja. Kitambaa cha rangi hupitisha pungufu ya hapo kwa kuwa rangi yenyewe inanyonya, lakini mwelekeo ni uleule.

Kwa hiyo shati jembamba lililogeuzwa linajikinga vibaya zaidi wakati ule hasa ambapo rangi iko hatarini zaidi, yaani mwanzoni mwa kukauka. Likishakauka linajikinga vizuri, ila hapo halina tena sababu ya kuwa kwenye kamba.

Jinzi ina bahati mbili. Ni nzito, na imefumwa kwa nyuzi za namna mbili: za wima zimetiwa buluu ya nili, za kulala ni nyeupe. Mfumo wake wa mshazari huzileta nyuzi za buluu upande wa nje na kuziacha nyeupe zitawale ndani. Ukiigeuza, jua linakutana zaidi na uzi mweupe, ambao unarudisha mwanga mwingi na hauna rangi ya kupoteza. Nadhani hakuna nguo nyingine ya kila siku inayolipa kazi ya kugeuzwa kama suruali ya jinzi. Ubaya pekee ni mifuko yake, ambayo ikigeuzwa huning'inia nje na kukauka mapema, huku mshono mnene wa kiunoni ukibaki umelowa kwa muda mrefu. Kiuno kielekezwe upepo unakotoka.

Fundi aliyenipa mabaki alipovitazama vifuko vya waridi aliniambia, "Mwanangu, hilo hata ukiligeuza mara saba, jua litalipata. Wewe lipeleke kivulini." Alikuwa amekwisha kulijua kwa mikono yake jambo nililohitaji tochi kulithibitisha.

Kivuli cha namna gani

Vifuko vya kivulini niliviweka kwanza chini ya mti. Baadaye nilishona seti nyingine nikaiweka chini ya paa la baraza, kwa sababu vile vya mtini vilikuwa vikionyesha mpaka wa mshipi kuliko nilivyoona ni halali kwa kivuli.

Urujuanimno hauji kutoka kwenye jua moja kwa moja tu. Hewa huutawanya zaidi kuliko inavyotawanya mwanga mwekundu au wa njano, kwa hiyo anga yote ya buluu inautoa. Mahali penye kivuli lakini panapotazamana na anga pana bado pana sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Macho yanadanganywa kwa sababu pamepoa na hapaumizi kutazama. Mti wenye majani machache una tatizo la pili: madoa ya jua yanayohama, ambayo kwa jumla yake huifikia nguo yote.

Kipimo ninachotumia sasa hakihitaji chombo. Ninasimama pale kamba ilipo, uso ukiwa usawa wa nguo, na kutazama pande zote: anga inaonekana kiasi gani? Chini ya mti wa kwanza niliona karibu nusu ya anga. Barazani niliona ukanda mmoja upande wa mbele. Ukuta mweupe unaopigwa na jua ng'ambo nao nauhesabu kama anga, kwani unarudisha mwanga.

Vifuko vya barazani ni vizuri mno. Pamba ya waridi pale haina mpaka ninaoweza kuusoma, iliyogeuzwa na isiyogeuzwa sawasawa. Hapo kugeuza hakuongezi kitu upande wa mwanga. Kunabaki na faida wakati wa kufua, kwa sababu ya msuguano, lakini hilo ni jambo la beseni.

Kivuli kina gharama yake, nayo ni muda. Kitambaa kinachokawia kukauka kinapata harufu ya uvundo, kwani bakteria waliosalia baada ya kufua huendelea kuzaana maadamu kuna unyevu. Kwenye kivuli cha mti kuna hasara ya ziada: nguo inakaa imelowa muda mrefu huku ikipata mwanga wa anga, kwa hiyo sehemu ya kile kilichookolewa inapotea kwa kukawia. Kinachokausha kivulini ni upepo. Kukamua vizuri, kuacha nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo, na kutundika shati kwenye hanga ili pande zake mbili zisigusane vimepunguza muda zaidi ya nilivyotegemea. Jinzi nzito barazani siku isiyo na upepo ndiyo iliyonishinda. Hiyo naona heri igeuzwe na kupelekwa jua la asubuhi.

Fulana nyeusi

Kitambaa hiki nakiandikia peke yake kwa sababu ndicho watu hukilalamikia sana, na ndicho kilichotoa jibu ambalo jicho peke yake lisingelitoa.

Kifuko cha juani kisichogeuzwa kimepauka, na hakikupauka kuwa kijivu bali kimeingia wekundu wa kahawia. Nyeusi ya pamba mara nyingi si rangi moja. Huwa ni buluu iliyokolea iliyochanganywa na rangi ya chungwa au nyekundu ili kuziba pengo. Buluu ikitangulia kukatika, nyekundu inabaki inajionyesha. Chini ya mshipi nyeusi haijabadilika hivyo. Hiyo ni kazi ya jua bila shaka.

Lakini vifuko vya barazani navyo si vyeusi kama kile cha bahasha. Vimefifia kuelekea kijivu, na vimefifia sawasawa chini ya mshipi na nje yake. Mwanga basi hauhusiki. Nikivitazama kwa kioo cha kukuzia naona vinyweleo: nyuzi ndogo zilizokatika kwa msuguano na kusimama juu ya kitambaa. Vinyweleo hivyo vinatawanya mwanga na kufanya nyeusi ionekane imefunikwa na vumbi, ingawa rangi nyingi bado imo. Kwenye nguo iliyoshonwa dalili hiyo hujikusanya kwenye pindo, kingo za kola na mikunjo ya mifuko, mahali panaposuguliwa. Mpauko wa jua hujikusanya mabegani, kwenye mstari ulioinamia kamba na kwenye upande mmoja ulioelekea jua. Mtu akitaka kujua nguo yake imeharibiwa na nini, afunue pindo na kulinganisha kitambaa kilichokunjwa ndani na kile cha juu, kisha atazame mpauko umeanzia wapi na umeelekea rangi gani.

Kwa fulana nyeusi, kugeuza kabla ya kufua na kuanika hivyohivyo kunapambana na maadui wawili kwa tendo moja. Kivuli kinapambana na mmoja.

Hariri na nailoni

Kwa vitambaa hivi viwili swali la rangi limegeuka kuwa dogo. Hariri ya zambarau juani imepauka kwa haraka, na pia imekuwa kavu mkononi, imepoteza ule utelezi wake. Hariri ni protini. Baadhi ya sehemu za protini hiyo hunyonya urujuanimno zenyewe, bila kusubiri rangi, na matokeo yake ni manjano na udhaifu wa uzi. Sufu ina tabia hiyohiyo kwa kuwa nayo ni protini. Kugeuza hariri ni kuchagua upande wa kuumia, kwa sababu uzi ni uleule na kitambaa ni chembamba. Hariri ni ya barazani, na ianuliwe mara tu ikauke.

Nailoni nayo huonekana ya plastiki na ngumu, na watu huiacha juani bila wasiwasi. Nilichana ukingo wa kifuko cha juani na wa kile cha bahasha kwa vidole, kwa nguvu ninayoona ni sawa. Cha juani kilianza kuchanika mapema. Mnyororo wa nailoni hukatwa na mwanga na oksijeni polepole, na nguo hudhoofika kabla mwenyewe hajaona kitu. Nguo za kuogelea na za mazoezi mara nyingi huchanganya nailoni na uzi wa mpira, ambao nao hulegea kwa jua, na ikiwa kuna klorini ya bwawa iliyobaki, mambo huenda haraka zaidi.

Poliesta nyekundu imetulia. Kifuko cha juani kisichogeuzwa kina mpaka mdogo sana, na vingine vitatu havina. Nyuzi za poliesta zimefungamana sana, rangi huingizwa ndani yake kwa joto kali wakati wa kutiwa, na maji hayazivimbishi kama pamba. Isitoshe, hukauka upesi, kwa hiyo muda wake kwenye mwanga ni mfupi. Nikiwa na nafasi ndogo barazani, poliesta ndiyo ninayoitoa kwanza iende juani.

Ulinganisho wa maabara

Nimejaribu kulinganisha mpangilio wangu na jinsi maabara zinavyopima. Kiwango cha kimataifa ISO 105-B02 huanika sampuli chini ya taa ya zenoni pamoja na vipande vya sufu ya buluu vyenye namba 1 hadi 8. Namba 1 hupauka upesi kabisa, namba 8 hustahimili kuliko vyote, na kila hatua huhitaji takriban mara mbili ya mwanga wa ile iliyotangulia. Maana yake nguo ya daraja la 3 na ya daraja la 6 hazipishani kidogo. Zinapishana kama mara nane. Ndiyo sababu mashati mawili ya pamba ya rangi inayofanana, yaliyofuliwa pamoja na kuanikwa kamba moja, moja huisha na jingine hudumu. Aina ya rangi iliyotumika ina uzito kuliko jina la kitambaa kwenye lebo, na lebo haiitaji.

Lebo lakini inatoa alama moja ya maana: mraba wenye mstari au mistari ya mshazari kwenye kona ya juu kushoto. Hiyo ni amri ya kukausha kivulini. Ikiwepo kwenye nguo ya hariri, sufu au nailoni, sina sababu ya kuijaribu juani.

Utaratibu wa sasa

Nguo nyembamba za pamba na hariri zinakwenda barazani, zimegeuzwa au la. Nyeusi zote za pamba zinageuzwa kabla ya kuingia majini na kubaki hivyo mpaka zianuliwe. Jinzi imegeuzwa, jua la asubuhi, kisha inahamishiwa kivulini kiuno kikiwa bado na unyevu kidogo. Poliesta popote palipobaki. Kila kitu kinaanuliwa kikikauka, hata kama ni barazani, kwa sababu saa za mwanga baada ya hapo ni hasara tupu.

Hatua inayofuata ni kitani na akriliki. Kitani nakitarajia kifanane na pamba, kwa kuwa nyuzi zake ni za asili ileile ya mmea. Akriliki ndiyo ninayoisubiri zaidi: ndiyo inayotumika kwenye mapazia ya nje ya kukinga jua, na nataka kuona kama fulana nzito ya akriliki ina ustahimilivu huohuo. Vifuko vyake vimeshonwa, na mshipi wa alumini nimeupunguza upana ili kukauka kusicheleweshwe sehemu ya katikati.